Shamba alilonunua baba kwa jina la mwanawe: hatua za kujua kama ni mirathi

Mzee amefariki, matanga yamekwisha, na watoto wameketi kuorodhesha mali. Wanafika kwenye shamba ambalo kila mtu anajua baba ndiye aliyelinunua, lakini hati ina jina la kifungua mimba. Dada zake wanasema ni mali ya baba, na yeye anasema ni yake. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulitatua jambo hilo chini ya sheria za Kenya, hasa pale marehemu alipofariki bila wosia.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho. Mwaka 1998 mwalimu mmoja wa Nakuru alinunua ekari 5 upande wa Njoro. Fedha zilitoka kwenye mkopo wake wa chama cha akiba. Muuzaji alihamisha shamba moja kwa moja kwa kifungua mimba, kijana wa miaka 19 aliyekuwa ametoka tu kidato cha nne. Baba aliiweka hati kwenye sanduku lake, akawa anawakodishia wakulima wa ngano na kupokea kodi mwenyewe. Mkewe alitangulia kufariki. Yeye alifariki mwaka 2019, akaacha watoto wanne.

Hatua ya kwanza: soma rejista, usiishie kwenye hati

Hatimiliki hukuonyesha jina la mwenye ardhi leo. Hadithi ya jinsi jina hilo lilivyofika pale imo kwenye rejista, ile ambayo wengi huiita kadi ya kijani. Omba upekuzi rasmi kwanza, kisha omba nakala iliyothibitishwa ya rejista yenyewe. Angalia maingizo kwa mpangilio: nani alisajiliwa kwanza, nani akafuata, tarehe gani, na je, kuna mkopo au zuio lililoandikwa?

Mnatafuta mojawapo ya mambo matatu. La kwanza ni muuzaji kumhamishia mtoto moja kwa moja, kama kwenye mfano wetu. La pili ni baba kusajiliwa kwanza, kisha yeye mwenyewe akamhamishia mtoto. Hapo ni vigumu sana kudai kuwa haikuwa zawadi, kwa sababu baba alikuwa nayo mkononi akaitoa kwa saini yake. La tatu ni jina la mtoto kuwa la kwanza kabisa kwenye rejista, tangu wakati wa kupima na kugawa ardhi ya ukoo. Hilo la tatu ni habari nyingine. Ardhi ya ukoo iliyoandikwa kwa jina la mwana mmoja kwa niaba ya wenzake huangukia kwenye amana ya kimila, ambayo kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaitambua hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Mahakama ya Juu ilieleza vigezo vyake mwaka 2018, na kigezo cha kwanza ni kwamba kabla ya kusajiliwa, ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi. Shamba ambalo baba alilinunua sokoni kwa mshahara wake halianzi na sifa hiyo, kwa hiyo msikimbilie neno "kimila" kwa sababu tu mdaiwa ni ndugu yenu.

Mkiwa kwenye ofisi ya ardhi, ulizieni pia faili la kiwanja chenyewe. Humo ndimo hukaa fomu ya uhamisho, risiti ya ushuru wa stempu, na, kwa shamba la kilimo, kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi lililopelekwa bodi na kumbukumbu za kikao zinaweza kuonyesha nani alisimama mbele ya wajumbe na alijitambulisha vipi. Karatasi hiyo moja mara nyingi ina uzito kuliko mashahidi watano wanaosimulia waliyosikia kwenye mazishi.

Hatua ya pili: jiulize kama baba angeweza kuliuza

Sheria ya Urithi, sura ya 160, inasema mirathi ni mali ambayo marehemu angeweza kuitoa kwa hiari yake akiwa hai, na ambayo haki yake haikukoma kwa kifo. Hapo ndipo pa kupimia. Je, siku moja kabla ya kufariki, mwalimu wetu angeweza kuliuza shamba la Njoro kwa saini yake peke yake? Hapana. Msajili angemwambia amlete mwenye jina.

Kwa hiyo, kwa kuanzia, shamba lile halimo kwenye mirathi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaitaka mahakama imchukue aliyesajiliwa kuwa mwenye ardhi hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayepinga. Mlango pekee wa kulirudisha kwenye mirathi, mbali na madai ya ulaghai au makosa kwenye usajili, ni kuonyesha kwamba kijana alilishika kama amana ya baba yake.

Hatua ya tatu: elewa kwa nini risiti hazitoshi

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Wanakusanya taarifa za mkopo, risiti za benki, barua ya mwajiri wa baba, wanajaza bahasha, wanakwenda kwa wakili wakiamini kesi imekwisha. "Wakili, tazama, kila senti ilitoka kwa mzee." Wakili akiwa mkweli atawaambia kwamba wamethibitisha nusu tu, tena nusu inayoweza kumsaidia kaka yao.

Sababu ni hii. Mtu akinunua ardhi na kuiandikisha kwa jina la mgeni, sheria huanza kwa kudhani kwamba yule mgeni anamshikia tu. Ardhi ni ya aliyelipa. Lakini baba akinunua na kuandikisha kwa jina la mwanawe, dhana inageuka. Mzazi ana wajibu wa kumwinua mtoto, kwa hiyo sheria hudhani kwamba alikuwa akimpa. Kadiri mnavyothibitisha kwamba baba ndiye aliyelipa, ndivyo mnavyoifungulia mlango dhana ya zawadi.

Dhana hiyo inaweza kuvunjwa. Kinachoivunja ni ushahidi wa nia ya baba wakati ule wa kununua. Nia aliyoipata baadaye haihesabiki kwa namna hiyo. Mzee aliyempa mwanawe shamba mwaka 1998, wakakosana mwaka 2010, akaanza kusema "lile shamba ni langu", hakulirudisha kwa kusema. Zawadi ikishakamilika imekwenda.

Hatua ya nne: kusanya ushahidi wa nia

Anzeni na mkataba wa mauzo. Nani ameandikwa kama mnunuzi? Ikiwa mkataba unamtaja baba kama mnunuzi na uhamisho ukaenda kwa mtoto, ulizeni kwa nini. Ikiwa kuna maneno kama "kwa niaba ya familia", mmeokota dhahabu. Kisha tafuteni muuzaji na mashahidi waliotia saini, kama wako hai. Swali la kuwauliza ni moja: siku ile, mzee alieleza nini kuhusu kuandika jina la kijana?

Sababu aliyoitoa ina maana kubwa. Alikuwa akifanya kazi mbali na hakuweza kufika bodi? Hiyo huelekea amana. Alisema "huyu sasa ni mtu mzima, naye awe na pake"? Hiyo ni zawadi. Ipo sababu ya tatu ambayo watu huitaja bila kujua inawaumiza: kwamba baba alikuwa akikwepa wadai wake, au alikuwa tayari amepata kiwanja kwenye mpango wa makazi usiomruhusu mtu mmoja kupata viwili. Mahakama haina hamu ya kumsaidia mtu, au warithi wake, kuvuna matunda ya hila. Kabla ya kuiandika kwenye kiapo, mwelezeni wakili.

Baada ya hapo tazameni mwenendo wa baba na mtoto tangu ununuzi. Hapa mfano wetu una nguvu: baba alikaa na hati kwa miaka 21, akapokea kodi ya ngano, na mikataba ya kukodisha aliitia saini yeye kama mwenye shamba. Mwana hakulalamika hata mara moja. Lakini sikiliza na upande wa pili. Kijana wa miaka 19 kumwachia baba yake hati si jambo la ajabu, na baba kulitumia shamba la mwanawe ambaye bado yuko masomoni au kazini Mombasa ni jambo la kawaida kijijini. Ndiyo maana mwenendo peke yake unaweza kuelemea huku au kule. Ukiunganishwa na jambo moja la wazi, unakuwa mzito. Jambo hilo linaweza kuwa barua au ujumbe wa simu ambao mwana mwenyewe aliuandika, akimwomba baba ruhusa ya kujenga au kulima kipande. Mtu haombi ruhusa ya kujenga kwake.

Ulizeni pia watoto wengine walipewa nini. Kama kila mmoja aliandikiwa chake, lake la Njoro huonekana kuwa fungu lake. Kama lile shamba ndilo mali kubwa pekee ya mzee na wengine hawakupata kitu, ni vigumu zaidi kuamini alikusudia kumpa mmoja yote.

Hatua ya tano: piga hesabu kabla ya kwenda kortini

Hatua hii mawakili wengi huiacha hadi mwisho, nami naiweka hapa makusudi. Hata mkishindwa kuthibitisha amana, zawadi haisahauliwi. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Urithi kinasema mali ambayo marehemu alimpa mtoto akiwa hai itazingatiwa wakati wa kukadiria fungu la mtoto huyo katika mirathi iliyobaki.

Tuseme mirathi nyingine ya mwalimu, baada ya madeni, ni shilingi milioni 11: nyumba ya mjini, akiba na hisa. Shamba la Njoro lina thamani ya milioni 5. Watoto ni wanne, na kifungu cha 38 kinawapa mafungu sawa, wana na mabinti, walioolewa na wasioolewa.

Shamba likiwa amana, linaingia kwenye mirathi. Jumla ni milioni 16, kila mmoja anapata milioni 4.

Likiwa zawadi na kifungu cha 42 kikasahauliwa, kifungua mimba anabaki na shamba la milioni 5 na bado anachukua robo ya milioni 11, yaani 2,750,000. Ana 7,750,000, wenzake wana 2,750,000 kila mmoja.

Likiwa zawadi na kifungu cha 42 kikatumika, kifungua mimba tayari amepata zaidi ya fungu lake. Harudishi kitu, lakini haongezwi. Wale watatu wanagawana milioni 11, karibu 3,667,000 kila mmoja.

Linganisha hesabu ya kwanza na ya mwisho. Tofauti ni kama 333,000 kwa kila mdogo wake. Kwa fedha hiyo wanataka kuanza kesi ya ardhi yenye mashahidi, wathamini, mawakili na pengine rufaa. Katika familia ya namna hii, mimi ningewashauri waache dai la amana wakomae na kifungu cha 42. Hesabu ingebadilika kama shamba lingekuwa la milioni 30 na mirathi iliyobaki ya milioni 2. Hapo kifungu cha 42 hakina cha kusawazisha, na dai la amana ndilo lenye maana.

Tahadhari mbili. Kifungu kinasema zawadi "itazingatiwa". Hakimpi jaji fomula, kwa hiyo msitarajie hesabu itoke kama kwenye karatasi yenu. Na kubalianeni mapema kama shamba litathaminiwa kwa bei ya leo au ya siku lilipotolewa, maana kati ya Njoro ya 1998 na Njoro ya leo kuna pengo linaloweza kuanzisha ugomvi mpya.

Hatua ya sita: linda shamba

Kama mmeamua kudai, msisubiri. Mwenye jina anaweza kuuza au kuweka rehani kesho, na kumfukuza mnunuzi aliyelipa kwa nia njema ni kazi nzito. Sheria ya Usajili wa Ardhi, kifungu cha 71, inamruhusu mwenye dai la haki kwenye ardhi kuweka zuio, ambalo wengi huliita kaveti. Unaapa kiapo kueleza dai lako, msajili anamwarifu mwenye shamba, na uhamisho unasimama hadi wewe ukubali au mahakama iamue.

Zuio si ushindi. Mwenye jina anaweza kumwomba msajili aliondoe, nawe utaitwa ueleze kwa nini libaki. Jibu linaloeleweka ni kwamba kesi imeshafunguliwa. Zuio lisilo na kesi nyuma yake huchakaa haraka.

Hatua ya saba: nenda kwenye mahakama sahihi, ukiwa na barua sahihi

Huwezi kudai kwa niaba ya marehemu kwa kuwa tu wewe ni mtoto wake. Unahitaji barua za usimamizi wa mirathi, au kama haraka ni kubwa, barua za muda za kufungulia kesi. Kesi iliyofunguliwa bila hizo hutupwa, hata iwe na ushahidi gani.

Katika kuomba barua kamili mtajaza kiapo cha fomu P&A 5, panapoorodheshwa mali. Msiliandike shamba la Njoro kama mali ya marehemu bila maelezo, mkitumaini kaka hataona tangazo la siku 30 kwenye gazeti rasmi la serikali. Ataona, na ombi la kubatilisha barua zenu litafuata kwa hoja kwamba mlificha ukweli. Waelezeeni mahakama waziwazi: shamba lina jina la fulani, warithi hawa wanadai ni amana.

Kisha ujue kwamba mahakama ya mirathi kazi yake ni kugawa mali ya marehemu. Swali la nani mwenye ardhi, pale jina ni la mtu mwingine, kwa kawaida hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu aliyeidhinishwa kusikiliza kesi za ardhi kulingana na thamani. Kanuni ya 41(3) ya Kanuni za Mirathi inaruhusu mali yenye mgogoro kutengwa, na mingineyo ikagawanywa. Iombeni. Bila hiyo, nyumba, akiba na hisa zote zitakaa zikingoja uamuzi wa ekari 5.

Kuhusu muda: dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12. Dai la kurejesha mali ya amana kutoka kwa mwenye kuishika lina nafasi pana zaidi chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, lakini muuzaji wa mwaka 1998 na mzee wa bodi hawatawangoja.

Kama kaka yuko tayari kuzungumza, ombeni upatanishi chini ya mahakama. Makubaliano yakiandikwa na kupitishwa kuwa amri, msajili wa ardhi huyafuata. Makubaliano ya sebuleni mbele ya wazee, bila amri wala fomu ya uhamisho, hayabadilishi rejista.

Mwana naye akiwa amefariki

Hutokea kwamba kifungua mimba alifariki kabla ya baba, na mkwe anaishi kwenye shamba na watoto. Shemeji zake humwambia, "Shemeji, hapa ni kwa mzee, jipange." Hawana mamlaka hayo. Jina likiwa la mumewe, shamba linaanzia kwenye mirathi ya mumewe, na yeye na wanawe ndio wa kwanza kuomba barua za usimamizi. Upande wa mzee ukidai amana, utabeba mzigo uleule, sasa dhidi ya msimamizi wa mirathi ya mwana. Kumtoa kwa nguvu kabla ya hapo ni kuingilia mali ya marehemu, kosa la jinai chini ya kifungu cha 45.

Kwa familia za Kiislamu

Kwa Waislamu, mgao haufuati vifungu vya 38 na 42. Kadhi atauliza kama ilikuwa hiba iliyotimia: baba alitoa, mwana akakubali, na shamba likakabidhiwa. Mtoto akiwa mdogo, baba huweza kumpokelea. Hiba iliyotimia baba akiwa na afya hutoka kabisa kwenye tarika, wala haipunguzi fungu la aliyepewa. Isipotimia, shamba hurudi kwa warithi wote. Iliyotolewa katika maradhi ya mauti huangaliwa kama wasia, na mrithi hapokei wasia ila wenzake wakiridhia. Kwa mfano wetu wa Njoro, hati kukaa sandukuni kwa baba na kodi kuingia mfukoni mwake kungekuwa swali la kwanza la Kadhi: huyu mwana alikabidhiwa nini, na lini?